Maneno Thelathini na Tisa

Rockville, 5 Septemba 2024

Dada Jeptoo,

Salamu kutoka huku. Najua tulikubaliana tangu Pasaka kwamba simu tuiache, maana kila tukiishika tunaishia kupayuka na watoto wangu wanafunga milango ya vyumba vyao. Posta ni polepole lakini haina sauti. Basi nakuletea sura ya nne ya kitabu changu, kurasa thelathini na moja, pamoja na kalamu nyekundu, usije ukasema hukuwa na kalamu.

Mchapishaji anataka kitabu kizima tarehe thelathini mwezi huu. Nimekifanyia kazi miaka tisa na hatanipa mwezi mwingine. Sura hii ndiyo moyo wake. Septemba 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hii, jeshi la Kaskazini lilipigwa kule Chickamauga, likajifungia katika mji wa Chattanooga, chakula kikaanza kupungua. Hapa Washington wakubwa wakakutana. Mkuu mmoja wa jeshi akakadiria kwamba kuhamisha askari kutoka Virginia kwenda kuwaokoa kutachukua siku arobaini. Wakaitwa watu wa reli, wakagawana kazi kwa telegrafu, na siku mbili baadaye treni ya kwanza ikaondoka. Zaidi ya watu elfu ishirini, maili elfu moja na mia mbili, na katika siku kama kumi na mbili karibu wote wakawa wamefika Alabama. Vita vya zamani havikuwahi kuona jambo kama hilo.

Nimeandika kwamba siri ilikuwa mwendo wa injini. Lakini mimi nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka saba. Wewe ndiye uliyekulia ndani ya ofisi ya stesheni pale Turbo, Baba akigonga telegrafu na wewe uko chini ya meza unahesabu nukta. Soma kwa jicho lake, unirudishie.

Baba hajambo. Miguu inamsumbua, uzee tu huo. Usimpigie Zefania kila siku. Nimemwagiza habari zote za Baba zipitie kwangu, maana mtoto huyu wa Baba mdogo ana miaka arobaini na bado akiulizwa na watu wawili anachanganya.

Kaka yako,
Kiplagat


Adelphi, 10 Septemba 2024

Kaka Kiplagat,

Shikamoo, na asante kwa kalamu. Wino umeisha ukurasa wa kumi na tano.

Sura nimeisomea Greenbelt, kazini, wakati Bi Akilah amelala mchana. Ni yule mwalimu mstaafu ninayemtunza, aliyejifunza Kiswahili chuoni miaka ya sabini akakishika kuliko sisi. Ameamka akanikuta nacheka peke yangu. Nikamwambia kaka yangu ana shahada tatu na hajui treni inakwendaje.

Mwendo wa injini, kaka? Treni zile zilikuwa zinatambaa. Maili kumi na tano kwa saa, siku njema labda ishirini. Kijana mwenye baiskeli nzuri angezipita kwenye mlima. Askari wa miguu pia hutembea maili kumi na tano, ila kwa siku nzima, halafu anavua viatu analala, na kesho yake nusu ya kikosi wana malengelenge. Treni hailali. Askari anakula ndani, anakoroma ndani, na magurudumu yanazidi kuzunguka. Andika hivyo, ufute injini yako.

La pili, hujaandika neno hata moja kuhusu mabehewa matupu. Baba angekuchapa. Behewa lililofika mbele si mali ya mtu yeyote mpaka lipakuliwe na lirudi lilikotoka. Mwaka mmoja kabla ya habari yako, hapo Alexandria karibu tu na kwako, shehena za jeshi zilikuwa zinapelekwa mbele na maofisa wanaziacha humo humo kwenye mabehewa, wanayafanya ghala. Wiki mbili hivi, njia nzima imeziba. Injini zipo, kuni zipo, askari wana njaa. Mkuu wa reli ikabidi apate amri ya kwamba afisa asiguse treni, hata akiwa na nyota begani, na kwamba mzigo ukifika upakuliwe hapo hapo. Nguvu ya reli iko mwisho wa safari, pale pa kupakulia.

La tatu, sehemu nyingi za njia ile zilikuwa reli moja. Treni inayokwenda na inayorudi zitakutana uso kwa uso, na lazima mojawapo iingie njia ya kupishana ingoje. Ipi? Anayejua ni mtu wa waya, kwa sababu yeye peke yake anaona stesheni zote kwa wakati mmoja. Umeandika kwamba jenerali mmoja alijaribu kusimamisha treni safarini ili yeye awahi kikosi chake, na Washington ikamjibu kwa waya kwamba akigusa tena anavuliwa cheo. Umeiandika kama kichekesho. Si kichekesho. Ukisimamisha treni moja Ohio, umesimamisha na zile kumi zilizo nyuma yake.

Na mto wenyewe wa Ohio haukuwa na daraja pale. Waliunganisha mashua bapa, wakatandika mbao, askari wakavuka kwa miguu wakapanda treni nyingine ng'ambo. Indianapolis wakashuka tena wakakatiza mji, wakalishwa, wakapanda tena. Weka hayo. Msomaji apate kujua kwamba muujiza wako ulikuwa umeungwaungwa na viraka, na ulikwenda kwa sababu kila aliyekuwa mbele aliarifiwa mapema kwamba watu wangapi wanakuja na watataka nini.

Mwisho, umeniambia kitabu kizima kina kurasa mia tatu, na Wanandi hamna. Watu wa bibi yetu walikata waya wa telegrafu wakautengeneza mapambo, wakaletewa jeshi la wakoloni. Hilo si vita vya waya? Ama kwa sababu halina picha nzuri?

Sasa Baba. Zefania nimempigia mara tisa, hapokei. Wewe unajua mimi nimefungwa hapa. Maombi yangu ya kadi ya kijani hayajajibiwa, nikitoka bila kibali yamekufa, na kazi imekwenda nayo. Lakini mwanasheria ameniambia mzazi akiugua sana kuna kibali cha dharura. Unapeleka barua ya daktari ofisini, wanaweza kukupa kwa siku chache. Bila barua hawakuangalii mara mbili. Basi kama kuna jambo, niambie mapema, nina mengi ya kupanga. Nataka kumwona akiwa hai. Hilo tu ndilo nataka katika dunia hii, mengine yote nimeshazoea kuyakosa.

Jeptoo


Rockville, 16 Septemba 2024

Dada Jeptoo,

Umenitandika, na nimestahili. Nimeifumua sura nikaiandika upya. Mabehewa matupu yamepata kurasa sita. Nimeongeza na Ufaransa ya 1870, ambako watu walipakiwa kwenye treni kabla vikosi havijakamilika, wakarundikana mjini Metz bila mahema na bila maofisa wao, huku Prussia, adui wao, ikifuata ratiba iliyoandikwa miaka kabla, kila kikosi na njia yake na saa yake. Umenifundisha kuliona. Kuhusu Wanandi, mhariri anasema wataivuruga hoja. Nitaona.

Sasa naleta sura ya tano, ambayo ni waya peke yake. Nataka maoni yako juu ya tukio moja. Juni 1862 jenerali aliyekuwa akirudi nyuma kule Virginia alimpigia Waziri wa Vita telegramu ndefu, na mwishoni akamtupia maneno mazito, kwamba serikali imefanya kila iwezalo kuliangamiza jeshi lake. Mkuu wa makarani wa waya hapa Washington aliisoma, akashtuka, akayakata yale maneno ya mwisho. Waziri akapokea iliyobaki na hakujua. Jenerali naye akadhani imefika nzima, na alipoona hajafukuzwa akajiona ameeleweka. Mimi nimeandika kwamba karani yule alifanya hekima. Alizuia ugomvi wakati ambapo ugomvi ungeua watu. Kuna nyakati ambapo anayekaa katikati anaona mbali kuliko wa huku na wa kule. Wewe unaonaje?

Kuhusu Baba usiwe na wasiwasi. Aliniletea ujumbe kupitia simu ya Zefania, na ili uridhike nimekunakilia kama ulivyo:

Maneno 39. Kiplagat mwanangu. Miguu imevimba kidogo lakini chakula napata na Zefania yuko nami. Mahindi yamestawi. Wasalimu wote. Phineas.

Unaona. Mzee anakula na mahindi yamestawi. Tafadhali niletee sura ya tano kabla ya tarehe ishirini na tano.

Kaka yako,
Kiplagat


Adelphi, 19 Septemba 2024

Kiplagat,

Nimehesabu. Kumi na sita.

Nimehesabu tena kwa kidole, nikampa Bi Akilah naye ahesabu bila kumwambia nimepata ngapi. Kumi na sita, bila sahihi, na sahihi haihesabiwi. Wewe hukukaa chini ya ile meza kwa hiyo nitakueleza. Karani wa waya hutanguliza idadi ya maneno kabla ya ujumbe. Anayepokea anahesabu. Idadi ikipishana na alichoandika, hampelekei mtu, anarudi kwa aliyetuma anauliza kilichopotea. Ni kazi ya sekunde kumi. Baba amestaafu miaka thelathini na nne na bado hawezi kuagiza sukari bila kuandika idadi. Wewe umeinakili kwa sababu uliiona kama pambo la mzee.

Ulitaka maoni yangu juu ya karani wako wa 1862. Nadhani umeshayapata.

Maneno ishirini na matatu yako wapi? Nataka yote, na tarehe yake. Nipigie simu. Nimevunja kiapo, piga.

Jeptoo


Rockville, 23 Septemba 2024

Dada Jeptoo,

Tulipoongea juzi ulikata kabla sijamaliza, na sikulaumu. Barua ya daktari uliyoitaka nilikuletea kwenye simu dakika ile ile. Haya mengine naandika kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa.

Ujumbe mzima ni huu, ulitumwa Jumatatu, tarehe mbili Septemba:

Maneno 39. Kiplagat mwanangu. Miguu imevimba kidogo lakini chakula napata na Zefania yuko nami. Mahindi yamestawi. Wasalimu wote. Daktari wa Eldoret anasema ni figo, siku zangu si nyingi. Barua yake Zefania ameituma kwako. Mpe Jeptoo aje upesi. Wewe una kazi, usijisumbue. Phineas.

Niliogopa utaondoka bila kibali. Nakujua. Ungesikia neno figo ungeenda uwanja wa ndege wa Dulles na kandambili miguuni, na miaka kumi na moja ya kubadilisha nepi za wazee wa watu ingemwagika. Nikasema ningoje kidogo, labda mzee atapata nafuu, wagonjwa wa figo huishi. Ulipoandika kuhusu kibali cha dharura, siku nane zilikuwa zimeshapita na sikujua nianzie wapi kukwambia.

Umeniuliza kwenye simu kama ilikuwa kwa ajili ya kitabu. Sura ya nne nilikutumia siku tatu baada ya ujumbe wa Baba. Nilijua ukisikia hutashika kalamu tena. Sasa nimekwambia.

Na jambo jingine, maana tumefika hapa. Mimi ndiye mwana wa kwanza. Nina pasipoti ya hapa, naweza kupanda ndege kesho asubuhi. Mzee yuko kitandani anahesabu maneno yake, na kwangu akaona yanatosha manne, wewe una kazi, usijisumbue. Unajua ni mara ngapi nimeyasoma? Alinipeleka bweni nikiwa na miaka saba, wewe akakuweka magotini akakufundisha waya. Sasa anakufa na bado anakuita wewe. Iliniuma, Jeptoo. Nimeona haya kuandika lakini iliniuma.

Nitakulipia tikiti.

Kiplagat


Adelphi, 30 Septemba 2024

Kiplagat,

Tikiti sitaki.

Bi Akilah, mwenye magongo mawili, alinipeleka ofisi ya uhamiaji kwa gari lake Jumanne iliyopita, akakaa na mimi kwenye viti vile vya plastiki kutwa nzima. Yule mwanamke wa dirishani aliiangalia barua ya daktari, akaangalia tarehe, akaniuliza kwa nini nimengoja wiki tatu kama hali ni ya dharura. Nikasema sikuwa nimeipata. Akasema basi niilete na maelezo ya maandishi kwa nini imechelewa. Nikaandika. Wakaniambia nirudi Ijumaa. Ijumaa wakasema Jumatatu.

Kibali nimepewa leo saa nne asubuhi. Saa sita Zefania amenipigia. Ninajua na wewe umeshapigiwa, kwa hiyo sitakueleza.

Askari elfu ishirini wa kitabu chako walitoka Virginia wakafika Alabama kwa siku kumi na mbili, na mto usio na daraja wakauvuka. Mimi nilihitaji karatasi moja itoke Rockville ije Adelphi. Basi linafika kwa saa moja na nusu.

Ninaondoka kesho. Ukija, njoo kwa njia yako.

Jeptoo


Turbo, 14 Oktoba 2024

Kiplagat,

Tumemzika Jumamosi. Umati ulikuwa mkubwa, wazee wanne wa reli walikuja kutoka Nakuru na Kisumu, mmoja kwa kiti cha magurudumu. Shada lako lilifika. Mchungaji alipouliza mwana wa kwanza yuko wapi, shangazi Edna alisema una kazi. Hakusema kwa ubaya. Watu waliitikia wakaendelea kuimba. Ulimtii mzee, hukujisumbua.

Nilikuwa nimekusudia nisikuandikie tena. Nilijiambia nitalia, nitarudi kwa Bi Akilah, nitakusamehe pole pole kama watu wanavyosamehe ndugu zao, kwa kuchoka. Kuficha ni kosa, lakini woga naujua, na wivu naujua. Nilikuwa nimeshafika hapo.

Jana nilimkalisha Zefania nikamuuliza zile siku zilikwendaje. Alidhani nimekuja kumgombeza yeye. Akasema, dada, asubuhi mbili mfululizo mzee aliuliza, Jeptoo amejibu? Mimi nikimwambia bado, anasema sawa, njia ndefu hiyo. Halafu jibu likaja. Nikamuuliza jibu gani. Akanionyesha simu.

Tarehe nne Septemba. Umeandika hivi: Jeptoo anasema kazi imembana, hawezi kuja sasa, anakusalimu sana Baba.

Ulikuwa bado hujanitumia hata sura. Sikujua kama anaumwa. Nilikuwa Greenbelt nakata kucha za mtu.

Zefania anasema alimsomea. Mzee akamwambia rudia. Akarudia. Akauliza, ametanguliza maneno mangapi? Zefania akamwambia hakuna idadi hapa. Baba akasema, huko kazi yetu wamemsahaulisha. Hakuuliza tena asubuhi iliyofuata, wala nyingine, na alikaa siku ishirini na sita baada ya hapo. Zefania alitaka kunipigia. Lakini wewe ulikuwa umemwagiza yote yapitie kwako, na hapa kwetu neno la mwana wa kwanza halirukwi. Simu zangu alikuwa anaziangalia zinalia, analia naye.

Umenieleza kila kitu katika ile barua yako ya uchungu. Ukanipa kitabu, ukanipa wivu, ukanipa bweni. Nikakuhurumia, niamini, nilikuhurumia ndani ya ndege. Na hilo ukalibakisha.

Baba hakufa akiningoja. Angekufa akiningoja ningeweza kulibeba. Alikufa ameshajibiwa.

Nitarudi tarehe ishirini na mbili, kibali kinaisha. Sura ya tano nimeikuta kwenye mkoba nikaimaliza hapa, kwenye meza yake, kwa sababu kazi iliyoanzwa mimi siiachi njiani. Nimeitia kwenye bahasha hii. Makosa ni machache. Pale pa karani wa 1862 sikugusa kitu, ni hekima yako hiyo, ichapishe.

Uliniambia utanitaja ukurasa wa kwanza, penye shukrani. Usiliweke jina langu. Umeshalitumia.

Jeptoo